Mrejesho: CV na LinkedIn yangu sasa vinasema jambo moja

Niliuliza: "CV yangu inasema mhasibu, LinkedIn inasema mchambuzi wa data, na ninayoandika hadharani hayahusiani na kazi yoyote. Nianzie wapi?"

Wakuu, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kuanza na sentensi moja: "Mhasibu anayechambua data za mauzo." Nimeiweka juu kabisa ya CV na chini ya jina langu LinkedIn. Kisha nikafungua vyote viwili sambamba na kulinganisha tarehe. Kazi moja, CV ilisema niliacha Machi, LinkedIn ikasema Juni! Nikarekebisha kwa kufuata barua ya kuacha kazi. Cheo nimekiacha kama kilivyo kwenye mkataba, "Karani wa Hesabu", uchambuzi nikaueleza chini yake, maana bosi wa zamani akipigiwa simu atataja cheo hicho.

Nimeitwa kwenye usaili mara mbili, na safari hii hakuna aliyeuliza mimi hasa ni nani. Kilichoshindikana ni machapisho ya zamani: nimeyafuta, lakini picha za skrini walizosambaza wengine bado zipo. Kazi sijapata bado.