Kupanga tiketi za wateja: orodha ya kanuni, pointi, au fomu?

chumbageni_net
Habari wadau. Ni kampuni ndogo ya intaneti ya majumbani hapa Tanga, na meseji nyingi zinaingia kwa Wasap. Tunataka kila moja itoke na sehemu mbili zilizojazwa ili mfumo uisome: aina (mtandao, malipo, kifaa, mengineyo) na udharura (kuanzia P1, ya haraka zaidi, hadi P3). Njia ziko tatu: orodha ya kanuni, ambapo ya kwanza kukubali ndiyo inayoshika, pointi za kujumlisha, au mteja achague mwenyewe kwenye fomu. Tunatumia orodha, na meseji hii ikapangwa malipo, P3:

"Habari zenu. Nilipiga simu hamkupokea. Tangu jana saa mbili usiku intaneti haipo, mtaa mzima hatuna."

abiria_wa_alfajiri
Tiketi za Lushoto si mpaka uende stendi mwenyewe?

chumbageni_net
Hapana kaka, hizi ni za malalamiko ya wateja.

mpanga_foleni
Kanuni yenu ya malipo inatafuta nini hasa?

chumbageni_net
Herufi `lip`. Tulitaka ikamate nimelipa, nililipa, kulipia, malipo, zote kwa mkupuo.

mpanga_foleni
Basi mchawi ndiye huyo. Tazama "nilipiga": ni-li-piga. Kila kitenzi kinachoanza na p kikifuata moja kwa moja "li" ya wakati uliopita kinazaa "lip": nilipata, lilipasuka, tulipanda. Hata "nilipofungua" imo. Na kwa kuwa malipo iko juu ya mtandao kwenye orodha yenu, kanuni ya mtandao haikufikiwa kabisa. Dai kiambishi cha wakati mbele ya shina, na mwisho wa neno nyuma yake:

```
\b\w*(me|li|na|ta|ja|ku)lip(a|ia|wa|ishwa)\b|\bmalipo\b
```

"Nililipa" inapita, "nilipiga" inabaki nje. Itakosa "nimewalipa", maana kuna "wa" katikati, na itamkosa anayeandika "nilipa" kwa kuruka silabi. Afadhali kukosa hizo kuliko kumeza kila aliyepiga simu.

Ngamiani_barabara_ya_8
Orodha ina matatizo, hamia pointi. "Haipo" 3, "mtaa mzima" 3, "haraka" 1, ikifika 6 ni P1. Meseji yako inapata 6 papo hapo, haijalishi kanuni ipi iko juu.

mpanga_foleni
Kwa meseji hii uko sawa. Sasa chukua mtu anayetaka risiti tu: "naomba haraka, haraka sana jamani, haraka", akiandika hivyo mara mbili ndani ya meseji ileile. Hizo ni 6, naye anakaa sawa na mtaa uliokatika. Ukitaka pointi, kila neno lihesabiwe mara moja, na hasira ya mteja isipewe pointi hata moja. Halafu 6 haikwambii imetoka wapi. Ikikosea utaanza kupekua upya.

Mimi ningebaki na orodha, ila ziwe mbili. Moja inajibu aina, nyingine udharura, na ya pili isiangalie jibu la kwanza. Kosa la aina lilikuburuzia P3 kwa sababu mlifunga malipo na P3 pamoja. Na kila jibu libebe namba ya kanuni iliyoamua:

```json
{"aina": "mtandao", "kanuni_aina": "A2",
 "udharura": "P1", "kanuni_udharura": "U1",
 "tangu": "20:00", "hakiki": false}
```

bi_raskazone
Angalia hiyo `tangu`. Saa mbili usiku ni 20:00, lakini saa nane usiku ni 02:00, na tarehe imeshageuka. Akiandika "2:00" bila asubuhi wala usiku, weka `null` na `hakiki` iwe `true`. Usikisie.

Kuhusu fomu, usimuulize mteja udharura, kila mmoja atachagua dharura. Muulize mambo mawili: imekatika kabisa au inasuasua, na majirani wanayo? Imekatika kabisa na majirani hawana, P1. Kabisa lakini majirani wanayo, P2. Inasuasua, P3.

chumbageni_net
Dada, wa Wasap hawajazi fomu.

bi_raskazone
Watumie maswali hayo mawili kama jibu la kwanza, wajibu 1 au 2.

Ngamiani_barabara_ya_8
Na yenye `hakiki: true` inasubiri mtu aiangalie, au inaenda na P iliyopewa?

mpanga_foleni
Iende. Kanuni mbili za udharura zikigombana, ichukue P ya juu.

bi_raskazone
Hapo sikubaliani. Fundi wa zamu ataamshwa saa nane usiku kwa risiti, na akiamshwa bure mara tatu atazima simu. Ingoje mtu, dakika 10, ndipo ipande.

mpanga_foleni
Usiku huo, mtu wa kuiangalia ndani ya dakika 10 wanaye?

chumbageni_net
Baada ya saa nne usiku hatuna mtu dawatini.