Mistari ya kwanza ya maelezo kwenye simu: salamu, swali au jibu moja kwa moja?

Mzee wa Banda
Wadau, nina blogu ya ufugaji kwenye Blogger. Ukurasa unaotembelewa zaidi ni wa ratiba ya chanjo ya kuku, na karibu wote wanaingia kwa simu kutoka Google. Nataka kuandika upya yale maelezo yanayotokea chini ya kichwa kwenye matokeo. Nina matoleo matatu, naomba mnisaidie kuchagua.

A: "Karibu kwenye tovuti yetu ya ufugaji wa kisasa. Leo tutajifunza kwa kina kuhusu umuhimu wa chanjo kwa kuku na sababu zinazofanya wafugaji wengi..."

B: "Siku ya 7 kideri, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 kideri tena, siku ya 28 gumboro tena, wiki ya 6 ndui."

C: "Je, vifaranga wako wanakufa kila msimu? Fahamu siri ambayo wafugaji wengi hawaijui."

Ya A ndiyo iliyopo sasa.

Chipukizi255
Mkuu, chochote utakachochagua kisizidi herufi 120. Simu haionyeshi zaidi ya hapo, na ukizidisha Google anakushusha chini. Mimi ningechukua C, inavuta.

Fundi Kurasa
Chipukizi, nusu ya kwanza naikubali kama kipimo cha mkono. Nusu ya pili hapana. Google walisema tangu 2009 kwamba maelezo ya meta hawayatumii kupanga nafasi. Ukiandika marefu, yanakatwa tu kulingana na upana wa skrini. Na hiyo 120 si sheria: Desemba 2017 walirefusha maelezo kwenye matokeo, Mei 2018 wakayafupisha tena, na waliokuwa wameandika upya kurasa zao zote wakabaki wanajikuna vichwa. Pia Google akibandika tarehe ya chapisho mwanzoni, nayo inakula nafasi yako.

Kwa hiyo Mzee, swali la kujiuliza ni hili: sentensi ikikatwa popote, kilichobaki kinamfaa mtu? A imetumia karibu herufi 50 kukaribisha mtu ambaye bado hajabisha hodi. Neno "ratiba", ambalo ndilo alilotafuta, halimo kabisa. C nayo haina "ratiba" wala "chanjo". Google huwa anakoleza maneno yanayofanana na yaliyoandikwa kwenye utafutaji, sasa kwa C atakoleza nini?

Nachagua B, ila ianze na "Ratiba ya chanjo ya kuku:".

Salma wa Mtwapa
Mimi nimefanya ya kwangu ya keki vizuri kabisa lakini nikituma kiungo WhatsApp inatoka picha bila maneno. Nayo ni hii hii?

Fundi Kurasa
Hapana dada. WhatsApp inasoma `og:description`, Google anaangalia `description`. Ni sehemu mbili tofauti kwenye kichwa cha ukurasa. Na ukishairekebisha, WhatsApp inaweza kuendelea kuonyesha ya zamani kwa muda.

Salma wa Mtwapa
Ahsante. Basi nitafungua mada yangu.

Kuku Biashara
Mimi nina shaka na B. Mtu akishasoma siku zote tano palepale kwenye matokeo, anaingia kwako kutafuta nini? Anapiga picha ya skrini, anaondoka. Mzee anaishi kwa matangazo. Kwenye ukurasa wangu wa bei za vifaranga niliacha kutaja bei kwenye maelezo kwa sababu hiyo.

Daktari wa Mifugo, Iringa
Samahani kwa kuingilia, mambo ya tovuti siyajui, lakini B inanitia wasiwasi kwa sababu nyingine. Hiyo ratiba ya siku ya 7, 14, 21 na 28 inawafaa wanaonunua vifaranga na kuwachanja kwa maji ya kunywa. Mfugaji wa kienyeji kijijini mara nyingi anatumia chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho, na inarudiwa kila baada ya miezi 3. Huyo akisoma mstari wenu na kuishia hapo, atadhani akimaliza siku ya 21 kideri kimekwisha. Kuku wake wakubwa watakufa na atasema chanjo ni feki.

Pia wengi huku hawasemi kideri, wanasema mdondo.

Fundi Kurasa
Daktari, umegusa penyewe. Jibu fupi lina hatari hiyo: sharti linaandikwa mwishoni, na mwisho ndio unaokatwa. Ukiandika "Chanja siku ya 7 na ya 21, ila kwa kienyeji rudia kila miezi 3", simu ndogo inaweza kuishia kwenye "21". Sharti liende mbele.

Tena hili linamjibu Kuku Biashara kidogo. Si lazima umwage ratiba nzima. Mwonyeshe kwamba ukurasa una jibu lake hasa, pamoja na kile kisichoenea kwenye mistari miwili. Mzee, kwenye ukurasa wako kuna jedwali la maji, sivyo?

Mzee wa Banda
Lipo. Maji kiasi gani kwa vifaranga 100 kulingana na umri, na onyo la kutotumia maji yenye klorini.

Fundi Kurasa
Basi jaribu hii:

```html
<meta name="description" content="Ratiba ya chanjo ya kuku wa nyama, mayai na kienyeji: kideri (mdondo), gumboro na ndui. Jedwali la maji kwa vifaranga 100.">
```

Ikatwe baada ya "kienyeji", bado kila mfugaji amejiona. Ikatwe baada ya "ndui", magonjwa yote yametajwa. Kwenye Blogger huna haja ya kugusa msimbo: washa maelezo ya utafutaji kwenye mipangilio, kisha kila chapisho litakuwa na kisanduku chake. Usipowasha, hicho kisanduku hukioni.

Lakini usitulie hapo. Google mara nyingi huyaacha maelezo yako na kuokota sentensi ndani ya ukurasa inayolingana zaidi na swali. Mtu akitafuta "chanjo ya mdondo kwa jicho", ataokotewa aya ya jicho. Kwa hiyo aya ya kwanza ya chapisho lenyewe, na sentensi ya kwanza chini ya kila kichwa kidogo, ziandike kwa namna hiyohiyo.

Mzee wa Banda
Sasa naelewa kwa nini juzi nilijitafuta nikakuta maelezo yanasema "Shiriki WhatsApp, Facebook, Maoni, Soma pia: magonjwa ya...". Nilidhani nimedukuliwa.

Fundi Kurasa
Hahaha, hayo ni maneno ya vitufe vyako yameokotwa. Kizungushie kile kisanduku cha vitufe `<div data-nosnippet>` kwenye kiolezo, Google ataacha kukinukuu. Angalia tu usifunge na aya yako ya kwanza humo ndani.

Kuku Biashara
Bado sijashawishika kwamba kutaja siku hakupunguzi wanaoingia.

Fundi Kurasa
Inawezekana uko sahihi kwa bei. Bei ni namba moja, mtu akishaipata hana haja na wewe. Ratiba ina "na mimi je?" ndani yake. Mzee apime: Search Console, sehemu ya Performance, achuje Mobile na ukurasa huo mmoja, alinganishe kiwango cha kubofya kwa maneno yaleyale kabla na baada. Aangalie na nafasi pia, maana ukipanda kutoka ya 8 hadi ya 3 mibofyo itaongezeka hata maelezo yakiwa ya hovyo.

Daktari wa Mifugo, Iringa
Mzee, ukiwa unarekebisha, andika kwenye jedwali kwamba maji yenye chanjo yaishe ndani ya saa 2. Hilo wengi wanalikosa.

Chipukizi255
Na C hakuna anayeitaka kabisa?