Naomba ushauri: tangazo la klabu kwa wanachama wa lugha mchanganyiko (ada, ratiba na kuhama uwanja)

MsaidiziWaKatibu (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi ni msaidizi wa katibu katika klabu ya mpira huku mashariki ya Unguja, na miaka ya karibuni tumepata wanachama wengi wageni wanaoishi na kufanya kazi pwani, wengi wao Wataliano na Wajerumani. Kamati imeandika tangazo la Aprili kwa Kiswahili, nami nimetakiwa kulitafsiri kwa Kiingereza kabla ya kesho magharibi. Lina mambo matatu: ada, mechi mbili, na kuhamia uwanja mwingine kwa kuwa kiwanja chetu kimejaa maji ya masika. Kiingereza ninakimudu, lakini nina wasiwasi kwamba watu watafika siku isiyo yao au mahali pasipo mechi. Naomba kujua saa ziandikwe vipi, na kama tafsiri lazima ifuate asili yake au mtu anaruhusiwa kubadilisha kidogo panapohitajika.

KipaMstaafu

Waalaykum salaam. Swali langu mimi ni kwa nini kiwanja kijae maji kila masika na kamati ipo. Hata hivyo, suala la saa nalijua vizuri. Zamani tuliwahi kualika mabaharia wa meli moja iliyotia nanga mjini, tukamwambia nahodha wao kwa Kiingereza chetu kwamba mpira ni saa kumi. Sisi tukasubiri hadi jua likazama. Wao wakaja saa nne za usiku, wamevaa jezi na soksi kamili, wakamkuta mlinzi peke yake anasikiliza redio. Mlinzi akawaambia kesho, nao wakang'oa nanga alfajiri.

FundiSaa

Ndugu, hapa hapana haja ya mjadala mrefu. Chukua saa ya Kiswahili, ongeza sita, umemaliza. Saa 10:15 ni 16:15, saa 2:15 ni 8:15, na hata mtoto wa skuli ya msingi anaweza kukufanyia.

BiMtende

FundiSaa, kuongeza sita ni sahihi, lakini kumekufikisha nusu ya njia tu, kwa sababu hiyo 8:15 yako inaweza kuwa ya asubuhi au ya usiku, na mgeni ataichukua ile inayomfaa yeye. Mwanzisha uzi, mimi nimetafsiri ratiba za mashindano na matangazo ya mahoteli kwa muda mrefu, na sipendi kutoa ushauri juu ya maandishi nisiyoyaona. Liweke tangazo hapa kama lilivyo. Halafu utueleze huko "kubadilisha kidogo" ni kubadilisha nini.

MsaidiziWaKatibu

Ahsante Bi. Hili hapa, nimeondoa jina la klabu tu:

*"Wanachama wote mnaarifiwa kuwa ada ya mwezi ni 10,000/= na ilipwe kabla ya tarehe 15/4. Mechi ya wakubwa itachezwa Jumamosi tarehe 12/4 saa 10:15 jioni na ya vijana usiku wa Jumapili saa 2:15. Kutokana na mvua mechi zote zimehamishiwa Mao. Gari itaondoka uwanjani saa 7 kamili."*

BiMtende

Nitaanza na usiku wa Jumapili, kwa sababu hapo ndipo watu wenu watakapopotea. Mwandishi wa tangazo hili ni mtu mzima, sivyo? Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Jumapili ni ule unaofuata mchana wa Jumamosi, ule unaoamkia Jumapili. Vijana wengi wa leo, na wageni wote, watauelewa kuwa ni usiku unaofuata mchana wa Jumapili. Yaani baina ya baba na mwanawe ndani ya klabu moja, na wote Waswahili, kuna tofauti ya saa ishirini na nne nzima kabla hata hatujafika kwenye Kiingereza.

Ushahidi wangu umo humo humo ndani ya tangazo: gari imetajwa moja, nayo inaondoka mara moja. Kama vijana wangecheza siku ya pili, mngetangaziwa gari mbili. Ninavyoona, wakubwa wanacheza jioni, watu wanaswali magharibi na isha palepale mjini, vijana wanaingia uwanjani, kisha wote mnarudi pamoja. Lakini dhana yangu si neno la kamati. Mpigie simu aliyeandika umuulize, usitafsiri kwa kukisia.

Mengine ni mepesi. "Uwanjani" inakotoka gari ni kiwanja chenu, lakini mgeni aliyekwisha kusoma Mao atadhani gari inaondokea Mao, kwa hiyo taja kijiji. Mao usiiache peke yake: andika Uwanja wa Mao Tse Tung, Kikwajuni, mjini, na ujue kwamba kwenye ramani za simu anaweza kuukuta kwa jina la Mao Zedong. Tarehe usiandike 12/4, maana wapo wanaoanza na mwezi, na kwao hiyo ni tarehe nne Disemba. Ile alama ya /= baada ya fedha iondoe, uandike shilingi za Tanzania, kisha kiasi bila mkato, kwa sababu Mtaliano na Mjerumani huweka mkato mahali tunapoweka nukta ya desimali. Na "kabla ya tarehe 15" uulize kama anayelipa siku ya 15 yenyewe amechelewa.

Sasa swali langu la pili hukulijibu.

MtuWaNetiboli

Sisi kwenye timu yetu ya netiboli tulikuwa na mkalimani aliyekuwa akilipwa nauli na soda. Je, wewe kamati inakulipa? Usikubali kufanya kazi bure, mwanangu. Mimi nimekuwa mhazini bila malipo tangu timu ilipoanzishwa na hakuna aliyewahi kuniambia ahsante.

MsaidiziWaKatibu

Silipwi, lakini hilo si tatizo langu.

Bi, nitakujibu. Mwenyekiti ameagiza kwamba katika tangazo la Kiingereza ada isomeke dola 25 kwa mwezi, na la Kiswahili libaki kama lilivyo. Yatapelekwa kwenye makundi mawili tofauti ya Watsapu, kwa hiyo hakuna atakayechanganyikiwa. Naomba nisieleweke vibaya. Wageni hawa wana kipato, wanatumia mipira na koni za klabu kuliko mtu yeyote, na hata kwenye vivutio vya serikali bei ya mgeni si bei ya mwenyeji. Mimi nimekwisha mwambia mwenyekiti kwamba nitafanya. Nilichokuja kuuliza ni namna ya kuandika.

Sheikh_wa_Mkunazini

Subhanallah. Hiyo si tafsiri tena, hayo ni matangazo mawili yaliyovishwa kanzu moja. Mwenye kupima, na apime sawasawa. Leo mgeni halipi sawa, kesho mwenyeji wa kijiji cha pili naye atapandishiwa.

FundiSaa

Sheikh, kutofautisha bei si dhambi, mradi iwe wazi. Shida ni dola. Tangu mwaka jana, 2025, kuna kanuni ya Benki Kuu inayokataza bei za ndani ya nchi kutangazwa kwa fedha za kigeni. Lakini nadhani ni ya Bara tu.

BiMtende

Si ya Bara tu, FundiSaa. Benki Kuu ni chombo cha Muungano, na mahoteli ninayofanya nayo kazi huku yamelazimika kuandika upya orodha zao za bei kwa shilingi. Kama ada ya klabu isiyofanya biashara inahesabiwa kuwa bei ya huduma, hilo mwulizeni mwanasheria. Mimi siwezi kuwaandikia fatwa.

Kuhusu tafsiri, nina jibu. Kamati ina haki ya kuweka ada za aina mbili ikiwa katiba ya klabu inaruhusu, lakini uamuzi huo lazima uwe ndani ya tangazo la Kiswahili kwanza: wakaazi kiasi hiki, wageni kiasi kile. Hapo utakitafsiri kilichopo. Ukiandika dola 25 mahali palipo na shilingi 10,000, aliyebadilisha ada ni wewe, na siku Mtaliano atakapokaa baraza moja na beki wake wa Kiswahili wakalinganisha simu zao, mwenyekiti atasema kijana alikosea kutafsiri. Wanacheza timu moja, watalinganisha tu.

MsaidiziWaKatibu

Mwenyekiti si mtu wa namna hiyo. Na kukataa sasa, baada ya kukubali, ni kumvunjia heshima mtu mzima.

MdadisiWaMalindi

Samahanini, mimi nimesoma uzi huu kwa makini na siuamini. Nimefungua kalenda. Tarehe 12 Aprili mwaka huu wa 2026 ni Jumapili. Ilikuwa Jumamosi mwaka jana, 2025. Kwa hiyo ama hili ni tangazo la zamani ambalo bwana huyu amelifufua ili atukusanye hapa, ama klabu yenyewe haipo. Watu wazima mnajadili usiku wa Jumapili wa mechi ambayo haipo, na Bi Mtende amejenga hoja nzima juu ya gari ya hewani.

KipaMstaafu

Kama haipo, basi na mafuriko ya kiwanja hayapo, na mimi namwondolea kamati lawama zangu.

BiMtende

Mdadisi, kalenda umeisoma sawa na mimi ilinipita. Ila makosa ya namna hii ndiyo ninayokutana nayo kila msimu: katibu anachukua tangazo la mwaka uliopita, anabadilisha uwanja, anasahau tarehe. Siku na tarehe zikigombana, mfasiri hachagui moja, anarudi kwa mwandishi. Sasa kuna mawili: Jumamosi tarehe 11 au Jumapili tarehe 12, na hilo linaweza kuugeuza hata ule usiku.

MsaidiziWaKatibu

Mdadisi, klabu ipo na maji yapo, karibu uje na buti za mvua. Nimezungumza na katibu. Ni kweli alitumia karatasi ya mwaka jana. Mechi zote mbili ni Jumamosi tarehe 11, na usiku wa Jumapili alimaanisha ule wa kuamkia Jumapili, kama alivyosema Bi. Anayelipa siku ya 15 hajachelewa. Tumeandika Kiswahili upya, na Kiingereza nimekifuatisha mstari kwa mstari:

*"Mechi zote mbili zitachezwa Jumamosi, 11 Aprili 2026, Uwanja wa Mao Tse Tung, Kikwajuni, mjini. Wakubwa: saa 10:15 jioni (16:15). Vijana: siku hiyo hiyo, saa 2:15 usiku (20:15). Gari moja itaondoka kiwanja chetu cha kijijini saa 7:00 mchana (13:00) na kurudi baada ya mechi ya vijana."*

Ada nimeiacha nje. Nilimwambia mwenyekiti kwamba nitaitafsiri itakapoandikwa kwa Kiswahili ikiwa na viwango vyote viwili. Hakufurahi. Amesema suala litakwenda kwenye kikao cha kamati, na kama halitapita atamtafuta mtu mwingine wa kutafsiri. Bado naona wageni wangeweza kulipa zaidi.

BiMtende

Huenda wangeweza, na pengine hata wangekubali wakiulizwa. Jambo moja kabla hujatuma: weka lugha zote mbili ndani ya ujumbe mmoja, upeleke huo huo kwenye makundi yote mawili, ili tarakimu zikionekana tofauti mtu akuambie siku hiyo hiyo.

MdadisiWaMalindi

Mimi bado nina shaka, lakini Jumamosi tarehe 11 saa kumi na robo nitapita Kikwajuni kuangalia.

KipaMstaafu

Ya jioni, Mdadisi. Usije saa nne usiku.