Naomba ushauri: mkono wa kulia wa adui wangu hakumbukwi

Habari zenu wakuu. Naandika riwaya ya mapigano na nimekwama kwa Kanali Beka, mkono wa kulia wa adui mkuu.

Askari wa adui wote wanavaa barakoa za chuma, makusudi kabisa. Shujaa akiwaangusha langoni, msomaji haulizi wameacha watoto wangapi. Pia wanaonyesha roho ya bosi wao, maana anawatoa kafara bila kupepesa macho. Ila kadiri wanavyokufa kirahisi ndivyo tishio linavyopungua, na kufikia katikati ya kitabu hakuna anayewaogopa. Hapo ndipo namhitaji Beka.

Nilimpa kovu na panga la kutisha, wanaonisomea rasimu wakamsahau. Nikaongeza utoto wa mateso, hadithi ikalala. Kilichosaidia kidogo ni tukio moja: anaamriwa kuchoma ghala lenye majeruhi wa upande wao wenyewe. Anatii, lakini kwanza anawavua barakoa mmoja mmoja, awaone nyuso. Msomaji mmoja alimkumbuka kwa hilo tu, kovu hata hakulitaja.

Sasa naomba mnisaidie mawili. Je, Beka amshinde shujaa kwenye pambano lao la kwanza ili hofu irudi, au ushindi huo utamfanya awe askari mwenye nguvu tu, basi? Na akishakuwa na msimamo wake, nifanyeje asimfunike bosi wake, ambaye kusema kweli hadi sasa anapiga kelele tu kwenye kiti chake?