Nimemwota marehemu baba akinipa maziwa: je, niisimulie ndoto hii kwenye hitma?

Mwana wa Mlimani (Moshi):
Assalaam alaykum ndugu zangu. Baba yetu alifariki mwaka jana, na tangu hapo sisi ndugu hatujakubaliana juu ya kihamba alichotuachia huku mlimani. Hivi karibuni, baada ya Swala ya Alfajiri, nililala kidogo nikamwona baba amevaa kanzu nyeupe, amekaa mahali penye kijani na maji yanayotiririka, akanipa bakuli la maziwa nikanywa hadi nikashiba. Niliamka moyo ukiwa mweupe, nikamshukuru Mwenyezi Mungu. Nilimweleza shangazi peke yake, naye akafurahi mno, na sasa anataka niisimulie mbele ya ukoo mzima siku ya hitma, akisema kuwa ni bishara na bishara haifichwi. Mimi nasita, ingawa sitaki kuwa mchoyo wa habari njema. Naomba ushauri.

Mpare wa Same:
Alaykum salaam. Shangazi yako yuko sahihi. Mtume (s.a.w.) alisema kwamba hakikubaki katika utume isipokuwa bishara, na alipoulizwa bishara ni nini akajibu kuwa ni ndoto njema. Tena katika hadithi ya Abu Said al-Khudri tunaambiwa kuwa mtu akiona ndoto anayoipenda, basi inatoka kwa Mwenyezi Mungu, amhimidi kwa ajili yake na aisimulie. Simulia bila hofu.

Bint Pasua:
Pole kwa msiba, kaka yangu. Mimi niliwahi kuota natufu Al-Kaaba, nikaieleza kwenye darasa letu la akina mama. Wengi walinipongeza, lakini baada ya muda wakaanza kuniuliza safari lini, na wengine wakanong'ona kwamba najifanya mcha Mungu kuliko wenzangu. Hadi leo sijaenda Hija, na furaha ya ile ndoto iliniishia midomoni mwa watu. Naomba pia nielezwe: kwa kuwa sijaenda, je, ndoto yangu ilikuwa ya uongo?

Mzee wa Njoro:
Mwanangu Mwana wa Mlimani, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Maziwa ni riziki. Nunua ng'ombe, utaona baraka.

Abuu Swafiya:
Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Ndugu wa Same amenukuu sawasawa, ila ameishia njiani. Katika riwaya ya Abu Qatada, neno la kusimulia limewekewa mpaka: anayeona anachokipenda asimweleze ila yule anayempenda. Hadithi hizi mbili hazipingani, kwa sababu moja inatoa ruhusa na nyingine inaonyesha wa kuambiwa. Ukoo mzima uliokusanyika, huku nusu yake mna ugomvi wa ardhi, si hadhira ya wapendao pekee.

Tazama kisa kilichomo katika Sura Yusuf. Yakubu (a.s.) alipoelezwa juu ya nyota kumi na moja, jua na mwezi, hakumkemea mwanawe wala hakuikanusha ndoto, bali alimwambia asiwasimulie ndugu zake wasije wakamfanyia vitimbi. Ndoto ilikuwa ya kweli na msimuliaji alikuwa mkweli, lakini wasikilizaji walikuwa na kijicho. Sasa jiweke mahali pa kaka yako anayedai sehemu ya kihamba: akisikia kwamba baba amekupa wewe bakuli, atasikia bishara au atasikia kwamba marehemu amekuchagua wewe? Hata usipotamka neno la ardhi, ndoto itakuwa imekutetea. Nayo mirathi ina mafungu yake katika Qur'ani, na ndoto ya mtu yeyote haiongezi wala haipunguzi fungu.

Kuhusu namna ya kusimulia, mimi hupenda sana kisa cha Abdallah ibn Salam, na naomba mnivumilie nikirefushe kidogo. Qays ibn Ubad alikuwa ameketi msikitini Madina, akaingia mtu mwenye athari ya unyenyekevu usoni, watu wakasema kuwa huyu ni mtu wa Peponi. Alipotoka, Qays alimfuata akamweleza yaliyosemwa, naye akajibu kwamba haimpasi mtu kusema asichokijua, kisha akaeleza chanzo cha maneno yale. Aliota yumo katika bustani pana ya kijani, katikati yake mna nguzo ya chuma iliyofika mbinguni, na juu ya nguzo mna kishikizo. Akaambiwa apande, akasema hawezi, akaja mtumishi akamwinua nguo kwa nyuma ndipo akapanda akakishika. Mtume alimfasiria kuwa bustani ni Uislamu, nguzo ni nguzo ya Uislamu, na kwamba atabaki juu ya Uislamu hadi kufa kwake. Angalieni alivyosimulia: kwanza alizuia sifa, akaongea kwa kuwa ameulizwa, hakuficha kwamba alisema hawezi na kwamba aliinuliwa na mwingine, na tafsiri akaiacha kwa aliyeitoa.

Dada Bint Pasua, kutokwenda kwako mpaka sasa hakuifanyi ndoto yako kuwa uongo, wala ndoto njema si cheti cha ucha Mungu. Mfalme wa Misri aliyeota ng'ombe saba hakuwa muumini, na ndoto yake ilitimia. Ziko pia ndoto ambazo ni mazungumzo ya nafsi yenyewe, na mimi sina uwezo wa kukuambia yako ni ipi.

Mzee wangu wa Njoro, kwa heshima zote, Mtume alipoota akinywa maziwa kisha akampa Umar yaliyobaki, aliyafasiri kuwa ni elimu. Hata hivyo singethubutu kumwambia kijana huyu kwamba yake nayo ni elimu. Abu Bakr mwenyewe alipofasiri ndoto mbele ya Mtume aliambiwa kuwa amepatia baadhi na amekosea baadhi.

Mpare wa Same:
Nimekuelewa, shehe. Lakini mama mjane je? Kusikia kwamba mumewe ameonekana katika hali njema kungempoza moyo. Kumnyima nako si vizuri.

Abuu Swafiya:
Mama ni katika wanaompenda, amweleze faraghani. Amwambie kwamba alimwona baba katika hali nzuri na anatarajia kheri, asiseme kwamba baba yuko Peponi, kwani hilo ni la ghaibu. Bakuli la maziwa anaweza kuliacha, kwa sababu kunyamazia sehemu si uongo, ila asizidishe hata chembe. Anayedai kuona ndoto asiyoiona atakalifishwa Siku ya Kiyama afunge fundo kati ya punje mbili za shayiri, na hataweza.

Bint Pasua:
Ningengoja hata kwa mama hadi mirathi igawanywe. Wajane huwasimulia wanao wote.

Abuu Swafiya:
Hilo nalo lina uzito, na yeye ndiye anayemjua mama yake.

Mwana wa Mlimani (Moshi):
Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Kwenye hitma sitasimulia. Nitamwombea baba dua, na jioni hii nitampigia shangazi nimsihi asiendelee kuieneza, japo nahofia amekwisha kumwambia kaka mkubwa. Kuhusu mama bado sijaamua. Ikiwa kaka ataniuliza mwenyewe, nimjibu nini bila kusema uongo?

Abuu Swafiya:
Akikuuliza, mwambie ukweli kwa ufupi: ulimwona baba, ukafurahi, na hujui tafsiri yake. Kisha mwambie pale pale kwamba kihamba kitagawanywa kama mafungu yanavyosema, na kwamba hudai chochote kwa ndoto.