Kuku amebabuka nje, kwenye mfupa mwekundu: ameiva au bado?

Bi_Mtopanga: Hamjambo wenzangu. Nachoma kuku wa kuuza jioni hapa Mtopanga, seredani mbili tu. Juzi mteja kanirudishia paja. Alipolivunja, kandokando ya mfupa palikuwa pekundu, na nililichoma karibu dakika 40! Nikamrejeshea pesa zake. Jana nikazidisha kuchoma, vidari vikawa vikavu kama makumbi. Kipimajoto sina. Nyinyi mwajuaje kama kaiva?

Kaka_Likoni: Dunga kisu. Maji yakitoka meupe, tayari. Yakitoka mekundu, mrudishe motoni. Mamangu hajakosea hata siku moja.

Mwanasha: Mimi mbuzi humchemsha kwanza, makaa ni ya kumalizia tu.

Bi_Mtopanga: Shoga, mbuzi sina. Ni kuku wa gredi.

Mzee_wa_Makaa: Basi hapo ndipo penye jibu, dada. Kuku wa gredi huchinjwa ana wiki tano, sita. Mifupa yake bado michanga, uboho hupenya ukaingia kwenye nyama, na akigandishwa ndio huzidi. Wekundu huo waweza kubaki hata nyama ikiwa imeiva kabisa. Na Kaka, maji nayo hudanganya: yaweza kuwa meupe kabla ndani hakujafika joto la digrii 74, na bizari huyatia rangi pia.

Mimi hutazama nyama yenyewe. Chomeka chuma cha mishkaki panapoungana paja na mwili, kisiguse mfupa, uhesabu hadi kumi, kisha ukiguse nyuma ya mkono. Kikiwa vuguvugu tu, bado. Kikikufanya uruke, fungua kiungo uangalie: nyama mbichi huwa na mng'ao kama kioo na huteleza, iliyoiva imefifia na nyuzi zaachana. Kioshe chuma kabla ya kudunga tena.

BabaNuru: Mie mishkaki hubonyeza kwa kidole. Ikikaza, imeiva. Ila nikitia papai bichi nachanganyikiwa, yabonyea tu mpaka inaungua.

Mzee_wa_Makaa: Papai lishailainisha kabla haijaona moto, kidole hakitakwambia kitu. Kata kipande kimoja cha katikati uone.

Bi_Mtopanga: Nimerudi. Leo nimefungua mapaja mawili. La kwanza jekundu mfupani, lakini nyuzi zaachana na chuma kimeniunguza. La pili halina wekundu mwingi, ila kwenye kiungo lateleza, lang'aa! Nikakumbuka: hilo nililitoa kwenye friza saa nane mchana, nje limeyeyuka, ndani barafu.

Mzee_wa_Makaa: Umeona? Ungefuata rangi ungeuza lile bichi. Paja la friza litoe usiku wa kuamkia siku ya kuchoma, liweke chini kwenye friji. Na upasue paja mpaka mfupani kabla ya kuchoma, moto uingie.

Kaka_Likoni: Sawa, lakini mteja akiona nyekundu utamhubiria uboho? Chemsha kwanza, yaishe.

Bi_Mtopanga: Nikichemsha, utamu wabaki kwenye sufuria. Kesho najaribu kupasua. Yule mteja sijui kama atarudi.