Mrejesho: ndoo zilizokuwa zikibanduka tabaka

Nilichouliza: "Tunasaga madumu, kreti na ndoo kuukuu pamoja. Ndoo mpya zinabanduka tabaka karibu na mpini. Joto ni dogo?"

Joto halikuwa tatizo, wadau. Madumu na kreti ni polithini ngumu, alama 2. Ndoo nyingi zilikuwa polipropilini, alama 5. Zikiyeyushwa pamoja hazishikani vizuri, kwa hiyo panapobeba uzito ndipo panapobanduka. Maji hayazitengi, kwa sababu zote zinaelea.

Kipande kisicho na alama sasa kinapimwa hivi: spiriti ya asilimia 95 na maji, nusu kwa nusu, kwenye chupa ya kioo, mbali na moto. Unatumbukiza kipande kikavu na kukigusa kwa kijiti ili mapovu yatoke. Kikizama ni polithini, kikielea ni polipropilini. Kipime kabla ya kuamini rangi, maana rangi hudanganya. Plastiki iliyochanganywa na chokaa huzama hata ikiwa ya ndoo. Hiyo tunaiweka kando.

Hata alama 2 zina madaraja mawili. Dumu lina mshono uliobanwa chini; limepulizwa, na plastiki yake ikiyeyuka ni nzito. Kreti ina kidoa pale plastiki ilipoingilia kalibu. Yake ni nyepesi, hujaza kona vizuri. Chenga za dumu pekee ziliacha kingo za ndoo hazijajaa.

Dumu la dawa ya shamba halisagwi kabisa.